Gauni la kitenge limekataa kukaa: soma mikunjo kabla hujashika cha kufumulia

Kwenye video nimeshona gauni la kitenge lililonyooka, lenye mikono mifupi, zipu nyuma na shingo ya mviringo. Ni gauni ambalo hapa Mtwara nalishona zaidi msimu wa korosho, watu wakishalipwa na shughuli zikifuatana. Wengi walioshona kwa kufuata video wamenirudia na matatizo yaleyale: zipu haipandi, shingo inapwaya, mkono ukinyanyuliwa gauni zima linapanda nao. Nimeyaandika hapa kwa dalili, kuanzia sababu ninayoikuta mara nyingi hadi ile ya nadra. Vipimo navyo nimevirudia, kwa sababu bila hivyo huwezi kujua umepotelea wapi.

Vipimo na vifaa vya gauni la kwenye video

Mteja alikuwa na kifua inchi 38, kiuno 32, hipsi 42, bega hadi bega 15, mzunguko wa mkono wa juu 13, na urefu wa gauni kutoka begani inchi 44. Hivyo ni vipimo vya mwili. Gauni lenyewe ni lazima liwe kubwa kuliko mwili, maana kitenge hakivutiki. Kwenye kifua, kiuno na hipsi niliongeza inchi 2 za kupumulia kila mahali, halafu nikagawa kwa nne kwa kuwa kitambaa kimekunjwa na badani ya mbele na ya nyuma zinagawana mzunguko. Kifua kikawa 38 na 2, yaani 40, ukigawa kwa nne ni 10, na nikaacha inchi 1 ya mshono wa ubavuni. Kwenye karatasi ya kukatia kifua kikasoma 11. Hipsi kwa hesabu hiyohiyo ilisoma 12. Kiuno kilisoma 10 na nusu, kwa sababu inchi 1 ya ziada inaliwa na dati. Badani ya nyuma imekatwa vipande viwili, kila kimoja na inchi 1 zaidi katikati kwa ajili ya zipu.

Shingo ina upana wa inchi 6 na nusu na kina cha 4 mbele. Kina cha kwapa kutoka usawa wa bega ni inchi 8. Kumbuka hiyo 8, tutairudia.

Vifaa: kitenge cha pamba yadi 3, zipu ya kujificha ya inchi 22, gamu nusu yadi ya kukazia kipande cha ndani cha shingo, uzi, na sindano namba 14. Yadi 3 ni inchi 108. Badani mbili zikikatwa moja chini ya nyingine zinakula inchi 93, pindo likiwemo, na mikono inatoka pembeni ya badani kwa sababu kitenge kina upana wa karibu inchi 45. Kinachobaki ni kama inchi 15. Usikitupe, ndicho kitakachokuokoa huko mbele.

Kabla ya dalili yoyote: mvalishe, simama mbali

Mtu akiona gauni linabana, mkono wake unakwenda kwenye mshono wa ubavuni, anafumua. Subiri. Mvalishe mwenye gauni, hata kama zipu haijafika juu, umfunge pini, kisha rudi hatua tatu nyuma na utazame mikunjo.

Mikunjo iliyolala kama mistari ya daftari, kutoka ubavu huu hadi ule, inasema upana hautoshi mahali hapo. Mikunjo iliyosimama wima na kulegea inasema upana umezidi. Mikunjo ya mshazari inaelekeza kidole: ifuate hadi inapoanzia, hapo ndipo palipobana au palipokamatwa. Ikianzia kwapani, shida iko kwapani hata kama mteja analalamikia kiuno. Weka alama ya chaki hapo kabla hajavua, kwa sababu gauni likiwa mezani mikunjo yote inapotea na wewe utabaki kubahatisha.

Dalili ya kwanza: zipu haipandi, au inapanda na mtu hapumui

Sababu ninayoikuta zaidi si vipimo, ni mshono ulioliwa. Umeacha inchi 1 ubavuni lakini ukashona kwa inchi 1 na robo, kwa sababu hukuchora mstari, ulifuata ukingo wa mguu wa cherehani kwa macho. Robo inchi inaonekana ndogo. Ila ubavu wa kulia una kingo mbili na wa kushoto una kingo mbili, hivyo robo imejirudia mara nne na inchi nzima imekwenda. Ukifanya hivyohivyo kwenye zipu, umeongeza nusu nyingine.

Sababu ya pili ni kitenge kurudi. Kitenge cha pamba kikitoka dukani kina wanga na hakijawahi kuona maji, na kikifuliwa mara ya kwanza hupungua. Kiroweke kwenye maji ya kawaida usiku mmoja, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Wanaoruka hatua hii ni wale wenye shughuli kesho.

Sababu ya tatu ni kupima kwa tepu iliyovutika. Tepu za plastiki laini huongezeka urefu zikikaa muda mrefu, kwa hiyo inchi 38 yako inaweza kuwa 39 ya kweli. Ilinganishe na rula ya mbao au ya chuma. Ikitofautiana, itupe.

Uchunguzi wenyewe unachukua dakika moja. Laza gauni mezani, zipu imefungwa, pima kutoka mshono wa kwapa hadi mshono wa kwapa wa pili, zidisha kwa mbili. Kisha geuza ndani nje upime mshono ulioliwa ubavuni ni inchi ngapi.

Msichana mmoja wa Lindi alinipigia akisema amekata kama nilivyokata na mwili wake ni uleule wa 38, lakini zipu imegoma chini ya mabega. Nikamwambia, "Mdogo wangu, lilaze upime." Likasoma 37 na nusu, wakati lilipaswa kusoma 40. Zilikuwa zimepotea inchi 2 na nusu. Mshono wa ubavuni aliupima ukawa inchi 1 na robo, hapo tukapata inchi 1. Wa zipu nao ulikuwa umezidi robo kila upande, tukapata nusu. Ikabaki inchi 1 isiyo na mwenyewe. Nikamuuliza kama aliliosha. Alikuwa amelifua jioni ile ili litoke wanga kabla ya kulivaa. Inchi 1 katika 40 ni kurudi kwa kawaida kabisa kwa pamba.

Dawa yake ilikuwa rahisi kwa kuwa aliacha inchi 1 ubavuni na hakuipunguza kwa mkasi. Alifumua mbavu zote mbili akashona upya kwa nusu inchi. Kutoka 1 na robo hadi nusu ni robo tatu, mara nne ni inchi 3. Gauni likarudi 40 na nusu, na zipu hakuigusa. Matundu ya mshono wa zamani yanafifia ukiweka kitambaa chenye unyevu juu yake na kupiga pasi. Jambo moja la kuangalia: gauni likiwa limeshafuliwa mara nyingi na kupigwa jua, kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani ya mshono kitatokea na rangi iliyokolea kuliko nje, mstari utaonekana. Hilo halina dawa, mwambie mwenye nguo kabla ya kufumua.

Mwisho wa kutoa ni pale mshono unapobaki na chini ya robo tatu za nusu inchi. Ukishuka hapo kitenge kitachanika ubavuni siku ya kucheza ngoma. Kama inahitajika zaidi ya hapo, tia taharizi. Wanaoshona kanzu wanaijua: ni kipande kirefu kinachoingizwa ubavuni kutoka kwapani hadi chini. Zile inchi 15 zilizobaki ndizo za kazi hii. Kama hazitoshi urefu wote, unga kipande kwa kipande usawa wa nyonga. Kata taharizi yenye upana wa mwisho wa inchi 1 na nusu kila ubavu, na gauni linapata inchi 3. Kwenye kitenge chenye maua makubwa, watu hawataiona.

Dalili ya pili: shingo inasimama mbali na mwili

Mteja akiinama kidogo, unaona hadi tumboni. Hapa kuna sababu mbili zinazofanana kwa macho lakini dawa zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, shingo imevutika. Duara la shingo limekatwa kwenye mshazari wa kitambaa, na mshazari hunyooka kila ukiushika. Umekata vizuri, ukalibeba gauni kwa shingo, ukalitundika kwenye msumari ukaenda kula, ukarudi shingo imeongezeka. Ya pili, shingo imekatwa pana tangu kwenye karatasi.

Kuzitofautisha, chukua karatasi yako uliyokatia. Simamisha tepu kwa ukingo wake uizungushe kwenye mstari wa shingo wa karatasi, halafu fanya hivyo kwenye gauni. Gauni likizidi karatasi, imevutika. Zikilingana, ni karatasi iliyokosea.

Iliyovutika inarudi. Fumua kipande cha ndani cha shingo. Pitisha mshono wa hatua ndefu karibu kabisa na ukingo, vuta uzi mmoja taratibu hadi shingo isome sawa na karatasi, kisha weka kitambaa chenye unyevu na ukandamize pasi bila kuiburuza. Pamba itajikusanya na mikunjo midogo itatoweka. Kata kipande kipya cha ndani kutoka kwenye karatasi ileile, si kutoka kwenye shingo iliyovutika, ukibandike gamu, ushone. Gamu ndiyo itakayoishika. Kwenye kanzu kazi hii hufanywa na kaba, na kaba nzuri huonekana kwa shingo ambayo haijalegea baada ya miaka.

Iliyokatwa pana haivutiki kurudi. Punguza kwenye mshono wa bega: anza na robo inchi upande wa shingo, malizia sifuri upande wa mkono. Kila bega linatoa nusu inchi kwenye mzunguko wa shingo, na mkono haukuguswa. Mara nyingi hiyo inatosha. Ikibaki kidogo, weka dati mbili ndogo nyuma ya shingo, moja kila upande wa zipu.

Onyo: usikate shingo iingie zaidi ukidhani kwamba ikiwa kubwa itatulia. Kila mkasi unaopita hapo unaongeza mshazari mpya wa kuvutika. Nimeletewa gauni ambalo shingo yake ilikatwa mara tatu, bega likabaki na upana wa vidole viwili. Hapo sikuwa na la kufanya ila kulitoa mikono na kulifanya la mtoto wa dada yake.

Dalili ya tatu: mkono haunyanyuki, gauni linapanda nao

Hili ndilo linaloniletea watu wengi, na ndilo ambalo dawa inayotumiwa na wengi inazidisha ugonjwa.

Mama mmoja wa Mikindani alikuja na gauni la sare ya unyago wa mjukuu wake. Sare zilikuwa thelathini na kitu, la kwake alijishonea. "Fundi, nikitaka kupiga makofi gauni linanifika magotini." Nikamwambia anyanyue mikono. Kweli, pindo lilipanda, na mikunjo ya mshazari ikatoka kwapani ikashuka kiunoni kama kamba za jahazi. Nikamuuliza kwapa alikata inchi ngapi. Video ilisema 8, yeye alikata 9 na nusu, "kwa ajili ya joto, hewa ipite."

Hapo ndipo akili inapodanganya. Tunadhani kwapa likishuka mkono unapata nafasi. Jishike mwenyewe kwapani utaelewa: mkono unakunjikia pale juu kabisa, mwili unapoachana na mkono. Mshono ukikaa hapo, mkono unanyanyuka na gauni linabaki. Mshono ukishuka inchi 1 na nusu chini ya hapo, mkono wa nguo umeshonewa ubavuni, kwa hiyo ukinyanyua mkono unanyanyua na ubavu. Ndiyo maana gauni likibana kwapani, fundi asiyejua analikata kwapa lishuke, mteja anahisi limelegea akiwa ameshusha mikono, anaondoka ameridhika, na siku ya shughuli anagundua hawezi kufika kwenye ndoo kichwani.

Sababu nyingine zipo. Mkono wenyewe unaweza kuwa mwembamba. Mduara wa mkono 13 unataka nguo ya inchi 15, na ukiubana kwa vidole juu ya kiwiko unapaswa kushika mkunjo wa inchi 1. Ukiwa mwembamba mikunjo inauzunguka mkono kama pete, haishuki kiunoni. Kingine ni kichwa cha mkono, yaani lile pande la juu linaloingia begani, kuwa kirefu mno. Kichwa kirefu kinapendeza mikono ikiwa chini, ila kinazuia kunyanyua. Na mara chache bega ni pana, linaning'inia nje ya mfupa.

Uchunguzi: mwenye gauni akiwa amelivaa, fumua inchi 3 za mshono wa ubavuni kuanzia kwapani kushuka, na inchi 3 za mshono wa chini ya mkono kuanzia kwapani kwenda kwenye kiwiko. Mwambie anyanyue mikono. Pindo likibaki chini na tundu likafunguka kama jicho, umeshapata jibu. Tundu hilo ndilo umbo la dawa. Kama pindo bado linapanda, shida iko begani au kwenye kichwa cha mkono, rudishia mshono wako, hujapoteza kitu.

Kwapa lililokatwa chini haliwezi kukatwa juu, kitambaa kimeshaondoka. Dawa ni kikwapa, kile kile cha kanzu. Kata miraba miwili kutoka kwenye masalio, kila mmoja inchi 4 kwa 4. Ukila nusu inchi kila upande, unabaki mraba wa inchi 3. Mraba una pande nne za inchi 3, na tundu ulilofumua lina kingo nne za inchi 3, yaani mbili za ubavu na mbili za mkono. Vinakutana bila kubahatisha. Pembe moja inaingia mwisho wa tundu ubavuni, ya pili mwisho wa tundu la mkono, na mbili zilizobaki zinakaa juu ya mshono wa kwapa, mbele na nyuma. Mraba ukikaa hivyo, mshazari wake unalala kwenye njia ya mkono, na mshazari ndio unaovutika. Shona upande mmoja mmoja, simama kila pembe sindano ikiwa imezama, nyanyua mguu, geuza nguo, endelea. Ukijaribu kuzunguka kwa mkupuo mmoja pembe zitakunjamana.

Kabla ya kushona, kazia ncha za tundu. Pale mshono unapoishia ndipo patakapochanika. Bandika kipande kidogo cha gamu kwa ndani, ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Yule mama nilimtilia vikwapa viwili, akanyanyua mikono, pindo likashuka hadi nusu inchi ya lilipokuwa. Nusu inchi hiyo nilimwachia. Kuliondoa kabisa ilibidi nikate mikono mipya yenye kichwa kifupi kwa inchi 1 na upana zaidi, na masalio yake hayakutosha. Hilo nalo ni la kusema waziwazi: kikwapa kinaponya kwapa lililoshuka hadi karibu inchi 2. Likiwa limeshuka zaidi, au kitambaa karibu na mshono wa kwapa kimechanwachanwa kwa mkasi hadi kwenye uzi, acha. Mpelekee fundi mzoefu, au ling'olewe mikono liwe la kuvaliwa juu ya blauzi.

Dalili ya nne: kifua kina ncha, au dati imekaa mahali si pake

Hii fupi. Dati inatakiwa iishie inchi 1 hadi 1 na nusu kabla ya ncha ya titi. Kwenye video urefu wa bega hadi titi ulikuwa inchi 10, na wengi waliichukua hiyo 10 kama ilivyo. Mwanamke aliyenyonyesha watoto wanne anaweza kuwa na 11 na nusu, na dati ya 10 inamtengenezea titi la pili juu ya lile la kwake. Mpime yeye. Fumua dati, piga pasi, ichore upya ikielekea kwenye alama yake. Malizia kushona kwa hatua tatu za mwisho kwenye ukingo kabisa wa mkunjo, ufunge uzi kwa mkono. Ukirudi nyuma na cherehani kwenye ncha, itasimama kama pembe.

Kama uliipasua dati kwa mkasi kabla ya kujaribisha, haihamishiki. Kata badani ya mbele upya.

Dalili ya tano: mshono unajikunja, unaruka, au chini kuna kiota cha uzi

Uzi ukijaa chini, kosa liko juu. Karibu kila mara ni kwamba ulitunga uzi mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, ukapita nje ya visahani vinavyoubana. Nyanyua mguu, toa uzi wote, tunga upya. Mshono unaoruka ni wa sindano: imepinda, imekuwa butu, au imewekwa kinyume. Mfereji mrefu wa sindano uangalie upande uzi unakoingilia. Weka mpya namba 14. Huku pwani kutu inaingia hata kwenye sindano ambazo hazijatumika, kwa hiyo ipitishe kwenye kitambaa cheupe kwanza, ikiacha alama ya kahawia itupe. Baada ya hapo fungua sehemu ya bobini, toa vumbi la pamba, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula yataganda na kukwamisha mashine.

Skrubu ya kukaza uzi iguse mwisho kabisa, robo mzunguko kwa mara moja, ukijaribu kwenye kipande cha kitenge hichohicho kilichokunjwa mara mbili.

Pasi nayo hukunja mshono. Baadhi ya vitenge vya bei ya chini si pamba tupu. Chomoa nyuzi chache ukingoni uziwashe kwa kiberiti, mbali na kitambaa. Zikinuka kama karatasi na kuacha majivu mepesi, ni pamba. Zikiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, zina nailoni au poliesta ndani yake, na pasi ya mkaa iliyokolea itazishikisha. Tumia kitambaa juu, pasi ya moto mdogo. Gamu nayo ijaribishe pembeni kwanza, kwa sababu moto mdogo huenda usiyeyushe gundi yake.

Sasa mahali pa kuacha. Umebadili sindano, umetunga upya, umesafisha, na bado mshono unaruka kila baada ya hatua chache hata kwenye kitambaa chepesi: ndoano inayoshika uzi imetoka kwenye majira yake na sindano. Hilo ni la fundi wa mashine. Ukilegeza skrubu zake nyumbani, sindano inaweza kugonga ndoano na kuvunjika kipande kikakurukia usoni. Na kwa wenye cherehani la mota, ukisikia harufu ya kuungua, au mwili wa chuma ukikusisimua ukiugusa, chomoa kwenye soketi usiwashe tena hadi fundi umeme aipime. Gauni la kesho limalizie kwenye cherehani la miguu la jirani.